Chumvi ya T: silva naitreti imetoa presipiteti na brauni ringi nayo imetokea, niandike nini?

ngosha_maabara
Wakuu habari za jioni. Nasoma kozi ya ufundi maabara mwaka wa pili, tumepewa chumvi imeandikwa T tu, nyeupe, inayeyuka fasta kwenye maji. Karatasi ya kazi inasema tutafute "anioni moja au zaidi" kati ya kaboneti, salfeti, kloraidi, bromaidi na naitreti. Mezani kulikuwa na chupa ya myeyusho wa T tayari umetengenezwa na kando yake kakopo kadogo ka chumvi yenyewe kavu, mimi nikafanya kwa ule myeyusho kama kundi zima.

Nilichopata: niliweka HCl dailuti, hakuna povu hata moja. Nikaweka bariamu kloraidi kwenye tyubu nyingine, hakuna kitu, maji yakabaki meupe pee. Silva naitreti na naitriki dailuti, hapo hapo presipiteti, sio nyeupe kabisa ila sio njano, kama maziwa ya jana hivi. Halafu brauni ringi, feras salfeti nimetengeneza muda uleule, nikamwaga salfuriki konki pembeni ya tyubu taratibu, ringi ikatoka ya kahawia nzuri tu pale zinapokutana.

Sasa naandika ina naitreti NA kloraidi? Au bromaidi? Wenzangu kundi zima wameandika naitreti na kloraidi. Kesho kutwa tunarudi maabara na tunaruhusiwa kurudia.

pemba_peko
Ringi ikitoka ni naitreti, haina mjadala mkuu. Hiyo ndio testi inayothibitisha naitreti tangu o-level. Na presipiteti ya silva kama sio njano ni kloraidi, bromaidi inakuwa kirimu ya kuonekana kabisa. Andika hivyo hivyo ulale.

Mwl_Akinyi
Niaje ngosha, mimi hufunza kemia huku Kenya. Sisi hatutumii silva sana juu ya bei, wanafunzi hutumia lidi naitreti. Ukiweka matone kadhaa ya lidi naitreti kwa kloraidi unapata presipiteti nyeupe, ukichemsha inapotea, ukiacha ipoe inarudi kama sindano ndogo ndogo zinang'aa. Salfeti ukichemsha haipotei. Jaribu hiyo utajua kama ni kloraidi.

fundi_salfa
Ngosha, kabla hujaandika chochote nijibu swali moja. Huo myeyusho wa mezani umetengenezwa na nini? Maji distili peke yake au kuna kitu kimewekwa? Nenda kamuulize tekinishani. Nauliza kwa sababu povu limekataa kabisa na ringi imetoka nzuri mno, na hayo mawili yakitokea pamoja yananifanya nishuku kitu kimoja.

Mwl Akinyi, lidi inafanya kazi vizuri kutenganisha salfeti na kundi la kloraidi, hapo hujakosea. Ila kwa swali la huyu kijana haimsaidii, maana lidi bromaidi nayo ni nyeupe na nayo inayeyuka kwenye maji ya moto na kurudi ikipoa. Atabaki palepale.

Mwl_Akinyi
Ni ukweli, kwa silabasi yetu bromaidi haiulizwi sana kwa praktiko so hiyo sikuwa nimeifikiria. Asante.

mzee_wa_kisima
Samahanini naingilia. Mimi niko Singida nina kisima cha kuchimba, maji yana chumvi. Kuna kijana alikuja na kichupa cha silva naitreti akadondosha kwenye glasi ya maji yangu ikawa nyeupe kama uji. Akaniambia maji yana naitreti kwa sababu dawa inaitwa naitreti. Sasa na nyie mnaongelea naitreti hapa, je, hii ringi naweza kufanya nyumbani nijue kama wajukuu wanywe?

fundi_salfa
Shikamoo mzee. Hapana, usifanye nyumbani, ile asidi konki inachoma nyama mpaka mfupa na ikikutana na maji kwa pupa inaruka. Na huyo kijana amekuchanganya. Naitreti iliyo kwenye jina la dawa ni ya dawa yenyewe, anaileta yeye kwenye glasi. Kilichofanya maji yawe meupe ni silva kukutana na kloraidi, yaani chumvi ya kawaida, na visima vingi vya ukanda wenu vina chumvi. Kuhusu naitreti hiyo testi haijasema chochote.

Naitreti ya maji ya kunywa inapimwa kwa kiasi. WHO wameweka kikomo miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wa chupa. Brauni ringi haiwezi kukupa namba, hivyo peleka sampuli maabara ya maji ya mkoa. Na kuchemsha hakuondoi naitreti, maji yanapungua yenyewe inabaki palepale.

mzee_wa_kisima
Marahaba mwanangu. Nitaenda. Basi endeleeni na vijana.

ngosha_maabara
Nimemfuata tekinishani leo. Anasema aliyeyusha T kwenye NAITRIKI DAILUTI, sio maji, eti ili silva naitreti isisumbue na myeyusho usipate ukungu. Alitaka kutupunguzia hatua. Kwa hiyo fundi ringi yangu ni ya ile naitriki??

fundi_salfa
Ndiyo. Naitriki ni naitreti tupu kwa feras salfeti. Hata ungeweka maji na naitriki bila chumvi yoyote ringi ingetoka vilevile. Kinachotokea ni kwamba feras inaichukulia naitreti oksijeni mpaka inabaki NO, na ile NO inajishika kwenye feras nyingine iliyobaki ndio unaona kahawia. Haiulizi naitreti imetoka kwenye chumvi au kwenye asidi.

Angalia sasa uharibifu umeishia wapi, maana sio matokeo yako yote yamekufa. Kaboneti imekufa: kama T ilikuwa na kaboneti, povu lilitoka lote wakati tekinishani anayeyusha, wewe umekuja kuweka HCl kwenye kitu ambacho gesi yake iliisha zamani. Naitreti imekufa kwa sababu hiyo ya ringi. Lakini silva na bariamu ziko hai, kwa sababu testi zote mbili zinataka asidi iwepo, ukiacha tu sharti la ni asidi gani. Ungetumia HCl kwenye silva ungepata kloraidi ya asidi, ungetumia salfuriki kwenye bariamu ungepata salfeti ya asidi. Naitriki kwa hizo mbili haina shida. Kwa hiyo salfeti hamna, na haloidi ipo, hayo shikilia.

pemba_peko
Sawa hapo nimeelewa. Lakini si ni rahisi tu, achukue chumvi kavu ayeyushe kwa maji arudie ringi, ikitoka naitreti ipo isipotoka haipo. Hapo nilikuwa sahihi kwamba ringi inathibitisha.

fundi_salfa
Ingekuwa rahisi hivyo kama haloidi ni kloraidi. Kama ni bromaidi kuna mtego mwingine pemba. Salfuriki konki inapogusa bromaidi inatoa bromini, na bromini yenyewe ni ya rangi ya chungwa kuelekea kahawia, na inatokea palepale kwenye mpaka wa zile tabaka mbili. Mtu mwenye haraka anaandika brauni ringi. Ndio maana hairuhusiwi kuamini ringi kabla hujajua haloidi yako ni ipi.

Ngosha fanya hivi kesho. Kila testi ianze na chumvi kavu au na myeyusho mpya wa maji distili, kijiko kidogo cha spachula kwenye mililita 10 hivi. Usitumie maji ya bomba, yana kloraidi na mara nyingi salfeti kidogo, yatakupa ukungu wa uongo kwenye silva. Na mabaki ya tyubu moja usiyahamishie testi nyingine hata kama ni kidogo, ukishaweka bariamu kloraidi ile tyubu haiwezi tena kuulizwa habari za kloraidi.

Kaboneti: chumvi kavu kwenye tyubu, naitriki dailuti juu yake, uangalie kwa karibu sekunde za kwanza. Ikitoa povu vuta gesi kwa dropa ukaipulizie kwenye maji ya chokaa, maana povu peke yake linaweza kuwa la salfaiti, ile inanuka kama kiberiti kilichozimwa.

Silva: ipate presipiteti, halafu iache itulie, mwaga maji ya juu, gawa mashapo sehemu mbili. Moja weka amonia dailuti ya mola 2, nyingine amonia konki ndani ya chemba ya moshi. Hapo ndipo utaamua, sio kwa macho.

Ringi: tyubu mbili sambamba. Ya kwanza myeyusho wa T na feras salfeti. Ya pili myeyusho wa T na maji distili badala ya feras. Zote mbili zimwagie salfuriki konki pembeni. Hii ya pili ndiyo itakayokwambia ukweli.

dada_Neema_pharm
Naongezea hapo kwenye kuamua kwa macho. Mimi nipo kiwanda cha dawa upande wa ubora, silva kloraidi na silva bromaidi ukiziweka peke yake hata mzoefu anabisha. Taa ya maabara ikiwa ya njano kila kitu kinakuwa kirimu. Na zikikaa kwenye mwanga wa dirishani zote zinaanza kuwa na rangi ya zambarau ya kijivu, ukichelewa kuangalia ndio basi. Weka tyubu tatu pamoja: T yako, sodiamu kloraidi unayoijua, na potasiamu bromaidi unayoijua, silva matone sawa, karatasi nyeupe nyuma. Utaona tofauti vizuri zaidi kuliko kukumbuka rangi kichwani.

Na ile tyubu ya silva na amonia ukimaliza usiiache mezani siku mbili. Ikikauka au kukaa inatengeneza mchanganyiko unaoweza kulipuka. Mwagia naitriki dailuti mpaka litmasi iwe nyekundu, ndio uweke kwenye chombo cha taka za silva.

ngosha_maabara
Nimerudi wakuu, nimetoka maabara saa hizi, naandika nikiwa bado nakumbuka.

Chumvi kavu na naitriki dailuti: hakuna povu, iliyeyuka kimya kimya. Nikaipasha kidogo, hakuna kitu. Kaboneti hakuna na safari hii naamini.

Bariamu nimerudia na myeyusho wa maji, HCl dailuti kwanza halafu bariamu kloraidi, hakuna.

Silva nimefanya kama dada Neema alivyosema, tyubu tatu. Ya sodiamu kloraidi ilikuwa nyeupe kama chaki, ya T na ya potasiamu bromaidi zikafanana, zote zina ukirimu. Nikaweka amonia dailuti: ile ya kloraidi ikapotea yote nikitikisa, maji yakawa safi. Ya T ikabaki, ila nahisi imepungua kidogo sina uhakika. Amonia konki ikaimaliza ya T yote.

Sasa ringi. Tyubu ya feras: pale kwenye mpaka imetokea rangi ya njano-chungwa, haikuwa ile kahawia nzito ya juzi. Tyubu ya maji bila feras: IMETOKA RANGI ILEILE. Yaani ukiziweka pamoja huwezi kusema ipi ni ipi.

fundi_salfa
Safi sana. Rangi inayotoka bila feras haiwezi kuwa ringi ya naitreti, kwa sababu bila feras hakuna cha kuishika ile NO. Hiyo ni bromini. Kamilisha kwa maji ya klorini: mililita 2 za T, mililita 1 ya heksani, dondosha maji ya klorini tone kwa tone huku ukitikisa, ndani ya chemba. Tabaka la juu likiwa la chungwa ni bromaidi. Usimimine klorini nyingi kwa mpigo, ikizidi rangi inafifia tena kuwa njano hafifu na utadhani hamna.

pemba_peko
Basi naitreti haipo, bromaidi tu. Uzi umeisha.

fundi_salfa
Bado. Ringi imeshindwa kujibu, haijasema hapana. Bromini imefunika ile sehemu, kama chini yake kuna naitreti kidogo usingeiona. Na karatasi yao inasema anioni moja au zaidi. Naitreti inabidi iulizwe kwa njia isiyojali bromaidi.

Njia ni kuigeuza iwe amonia. T kwenye tyubu, sodiamu haidroksaidi dailuti, pasha taratibu, litmasi nyekundu iliyoloweshwa kwenye mdomo wa tyubu. Kwanza bila kuweka metali. Ikigeuka buluu hapo ujue T ina amoniamu, na itabidi uendelee kuchemsha mpaka amonia iishe kabla ya hatua inayofuata. Isipogeuka, poza kidogo, weka vipande vya foili ya aluminiamu au aloi ya Devarda kama wanayo, pasha tena polepole. Naitreti ikiwepo itatoka amonia na litmasi itageuka.

ngosha_maabara
Aloi hawana. Foili ipo, ile ya jikoni, itafaa?

dada_Neema_pharm
Inafaa, ikate vipande vidogo. Lakini inachemka kwa nguvu ikishapata moto, inatoa haidrojeni nyingi kwa hiyo weka mbali na moto wazi, na inarusha matone madogo madogo ya sodiamu haidroksaidi juu. Tone moja likigusa litmasi inakuwa buluu na utaandika naitreti ambayo haipo. Sisi tunaziba mdomo wa tyubu kwa pamba iliyolegea, litmasi inakaa juu ya pamba. Ukiona litmasi ina madoa ya buluu ni matone, gesi yenyewe huwa inageuza karatasi kuanzia ukingoni inasambaa sawasawa.

Na fanya na tyubu ya potasiamu naitreti pembeni. Bila hiyo ukipata hapana hutajua ni hapana ya chumvi au ni foili imegoma.

Mwl_Akinyi
Hii ya pamba naichukua. Wanafunzi wangu kila mwaka hupata amonia kwa kila kitu na nilikuwa nashangaa tu.

ngosha_maabara
Tumefanya leo asubuhi. Maji ya klorini: heksani imekuwa ya chungwa kama fanta, bromaidi imethibitika. T na sodiamu haidroksaidi tu: litmasi haikugeuka. T na foili: imechemka kweli kweli, pamba ikalowa, litmasi ikabaki nyekundu mpaka foili ikaisha. Potasiamu naitreti na foili: litmasi buluu kuanzia chini ikapanda. Kwa hiyo naandika bromaidi ipo, kaboneti hakuna, salfeti hakuna, naitreti hakuna.

Swali lililobaki ni kloraidi. Ile presipiteti iliyopungua kidogo kwenye amonia dailuti inaninyima raha. Nimechuja yale maji ya amonia nikaweka naitriki dailuti mpaka litmasi nyekundu, ukungu mweupe kidogo ukarudi. Si ina maana kuna kloraidi ilikuwa imeyeyuka?

pemba_peko
Hapo kuna kloraidi, ukungu umerudi wazi. Kilichoyeyuka kwenye amonia dailuti ni kloraidi, si ndio sheria yenyewe.

fundi_salfa
Pemba safari hii una hoja, hiyo ndiyo njia ya kutafuta kloraidi ndani ya bromaidi. Tatizo ni kwamba silva bromaidi haikatai amonia dailuti kwa asilimia mia, inayeyuka kidogo, na ukirudisha asidi hiyo kidogo inarudi kuwa ukungu. Ungekuwa mzito kama maziwa ningesema kloraidi bila wasiwasi. Ukungu mwembamba unaweza kuwa yoyote kati ya mawili.

Kama muda upo, chukua ile potasiamu bromaidi ya dukani ipitie hatua zilezile, amonia ileile, kiasi kilekile, uchuje, urudishe asidi. Ukungu wa T ukiwa mzito kuliko wa bromaidi safi, andika kloraidi kidogo inashukiwa. Ukilingana, acha.

dada_Neema_pharm
Mimi nafikiri hata hivyo hatapata jibu la uhakika. Potasiamu bromaidi nyingi za dukani zenyewe zina kloraidi kidogo kama uchafu, lebo ya chupa huwa inataja kikomo chake. Analinganisha na kitu ambacho nacho kina kloraidi. Angalia lebo kwanza ngosha, kama ni ya daraja la analitiki ndio ulinganishe.

fundi_salfa
Hilo kweli. Mimi bado ningelinganisha, hata na chupa isiyo safi, ili nijue ukungu wa kawaida unafananaje. Lakini kwenye ripoti nisingeandika "kloraidi ipo" kwa ukungu huo.

ngosha_maabara
Lebo haina daraja, imeandikwa jina tu na tarehe. Nitalinganisha hivyohivyo ijumaa, na kwenye ripoti nitaandika nilichokiona kwenye kila tyubu badala ya ndiyo au hapana. Tekinishani amekubali kutengeneza myeyusho mpya wa T kwa maji distili kwa makundi mengine, na chupa ya zamani ameibandika karatasi "ina HNO3".

mzee_wa_kisima
Mwanangu fundi, nimepeleka maji yangu, wamesema nirudi wiki ijayo. Wameniuliza kisima kiko umbali gani na choo na zizi la ng'ombe. Hilo nalo linahusiana na naitreti?

fundi_salfa
Linahusiana sana mzee wangu. Kinyesi cha watu na cha mifugo kikioza ardhini kinaishia kuwa naitreti, na mvua inaishusha mpaka kwenye maji ya chini. Wakikupa majibu weka hapa namba ya naitreti pamoja na ya kloraidi, ila angalia kama wameandika "naitreti" au "naitrojeni ya naitreti", maana miligramu 50 za naitreti ni kama 11 tu ukihesabu naitrojeni peke yake.